Simu Mpya Isiyo na Chaja: Namna ya Kuchagua Kichwa na Waya Salama

Malipo ya korosho yalipoingia msimu uliopita, mama yangu mdogo anayeishi Mikindani alikwenda Mtwara mjini akanunua simu aina ya Galaxy A15. Alipofika nyumbani aliifungua boksi juu ya mkeka, mbele ya wajukuu wake, akakuta simu, waya mmoja mfupi wenye ncha mbili zinazofanana, kipini cha kufungulia sehemu ya laini na vikaratasi viwili. Kichwa cha chaja hakikuwamo. Aliamini kwamba kimechomolewa dukani, na kesho yake alirudi kudai haki yake. Muuzaji alimweleza, na katika hilo alisema kweli, kwamba simu hiyo imetoka kiwandani hivyo hivyo, kisha akamuuzia kichwa cha shilingi 5,000 kilichoandikwa wati 65 kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Nilipomtembelea siku mbili baadaye aliniambia, "Mwanangu, simu hii nikiichomeka chaji inajiandikia yenyewe." Hapo ndipo tulipoanza kazi ninayoieleza katika mwongozo huu.

Niseme kwanza kwamba boksi lisilo na kichwa cha chaja si dalili ya wizi wala ya simu bandia. Apple waliacha kuweka kichwa hicho mwezi Oktoba 2020 walipotoa iPhone 12, na Samsung wakafuata Januari 2021 kwa Galaxy S21, kabla ya utaratibu huo kushuka hadi kwenye simu za bei ya kati. Sababu waliyoitoa ni kupunguza taka za umeme, kwa kuwa watu wengi wana vichwa vya zamani nyumbani. Katika Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024 inazitaka simu mpya ziwe na tundu la taipu C, na inampa mnunuzi haki ya kununua simu bila chaja. Sheria hiyo haituhusu sisi, lakini simu zinazoletwa kwetu zinatoka kwenye viwanda vile vile. Linalotuhusu ni kwamba kazi ya kuchagua chaja, ambayo zamani ilifanywa na kiwanda, sasa inafanywa na mnunuzi akiwa amesimama mbele ya kaunta yenye vichwa thelathini vinavyofanana.

Hatua ya kwanza: tazama ncha za waya kabla ya kununua chochote

Waya uliomo ndani ya boksi ndio unaokueleza ni kichwa gani kinachohitajika. Ukiwa na ncha mbili ndogo za mviringo zinazofanana, basi ni waya wa taipu C pande zote mbili, na hauwezi kuingia kwenye kichwa cha zamani chenye tundu pana la bapa. Watu wengi hukwama hapo. Mama mdogo alikuwa na kichwa kizuri cha simu yake ya kwanza, kilichokuja na simu hiyo kutoka kiwandani, lakini waya mpya haukuingia, naye akakitupa ndani ya kapu akidhani hakifai tena.

Kichwa cha zamani cha kiwandani ambacho hakijapasuka, hakijaungua wala kulowa, ni salama kwa simu mpya. Unachohitaji ni waya mwingine tu, wenye ncha pana upande mmoja na taipu C upande wa pili, na huo hupatikana kwa bei ndogo kuliko kichwa kipya. Kinachobadilika ni muda. Betri ya Galaxy A15 ni ya mAh 5000, ambazo ni sawa na wati-saa 19 hivi. Kichwa cha zamani kinachotoa volti 5 na ampea 2, yaani wati 10, kitaijaza kwa takriban saa mbili na nusu hadi tatu, ilhali kichwa cha wati 25, ambacho ndicho kiwango cha juu ambacho simu hiyo inaweza kupokea, kitaijaza kwa saa moja na nusu hivi. Kwa mtu anayechaji usiku akiwa bado macho, tofauti hiyo si kubwa. Kwa hiyo, kama unacho kichwa cha aina hiyo, nunua waya tu na uruke hadi sehemu ya waya hapa chini. Ningeshauri hivyo hata kama fedha ipo.

Hatua ya pili: jua simu yako inahitaji nini

Tafuta kiwango cha juu cha wati ambacho simu inapokea. Huandikwa kwenye kijitabu, kwenye ubavu wa boksi au kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa simu hiyo. Pamoja na wati, jua pia lugha ambayo simu inazungumza na chaja, maana chaja za siku hizi hazisukumi umeme kama maji ya bombani. Waya unapochomekwa, chaja huanza na volti 5. Hapo huitajia simu volti inazoweza kutoa, simu huomba inayoifaa, kwa mfano volti 9, na baada ya makubaliano hayo ndipo volti hupanda. Utaratibu wa kawaida wa mazungumzo hayo kwa matundu ya taipu C huandikwa USB PD, au PD peke yake. Nyongeza yake inayoiwezesha simu kuomba volti kidogo kidogo kadiri betri inavyojaa huandikwa PPS, na simu za Samsung zinaitegemea ili zifikie wati 25. Simu za Tecno, Infinix na nyingine zina taratibu zao za chaji ya haraka, ndiyo maana chaja kubwa ya jirani inaweza kuichaji simu yako polepole bila ya yeyote kati yenu kuwa na chombo kibovu.

Kutokana na mazungumzo hayo, hofu moja kubwa inaondoka. Nimewasikia watu wengi, hata mafundi, wakisema kwamba kichwa cha wati 65 kitaiunguza simu ya wati 25. Kichwa cha kweli cha wati 65 hakifanyi hivyo, kwa sababu simu ndiyo inayoamua ichukue kiasi gani. Hatari iko kwenye kichwa kinachojiita cha wati 65 na si kweli, na hicho huweza kudhuru hata kikiwa kinatoa wati 5 tu.

Hatua ya tatu: soma maandishi madogo, uyaache makubwa

Kila kichwa cha chaja kina maandishi madogo karibu na pini, mara nyingi ya kijivu juu ya rangi nyeusi au nyeupe, na husomeka vizuri ukiwasha tochi ya simu na kuielekeza kwa ubavu. Hayo ndiyo unayotakiwa kuyaamini kuliko maneno ya dhahabu ya mbele. Kichwa ambacho hatimaye tulimnunulia mama mdogo kilikuwa na maandishi haya:

```
INPUT: 100-240V~ 50-60Hz 0.7A
OUTPUT (PDO): 9.0V 2.77A or 5.0V 3.0A
(PPS): 3.3-5.9V 3.0A or 3.3-11.0V 2.25A
```

Mstari wa kwanza unaeleza umeme unaoingia. Umeme wa TANESCO ni wa volti 230 na hezi 50, kwa hiyo lazima 230 iwe kati ya namba hizo mbili. Kuna vichwa vya mitumba kutoka nchi nyingine vilivyoandikwa volti 100 hadi 120 tu, na hivyo haviwezi kuhimili umeme wetu hata kwa dakika moja. Mstari wa pili unaeleza umeme unaotoka. Zidisha volti kwa ampea: 9 mara 2.77 ni 24.93, yaani wati 25 kamili kwa hesabu ya kiwanda. Mstari wa tatu ndio unaothibitisha kwamba ile nyongeza ya PPS imo.

Baada ya hapo tulikichukua kile cha shilingi 5,000 tukakisoma kwa namna ile ile. Mbele kiliandikwa 65W, lakini mstari wake wa kutoa umeme ulikuwa mmoja tu, wenye volti 5 na ampea 2. Ukizidisha unapata wati 10. Hakuna kichwa cha wati 65 kinachoweza kutoa volti 5 peke yake, kwa sababu kingelazimika kutoa ampea 13 kupitia waya mwembamba wa simu, na waya huo ungeyeyuka. Aliyekitengeneza alidanganya mbele akajisahau nyuma. Hesabu hii ya kuzidisha ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya dukani bila kufungua kitu, na katika vichwa ambavyo nimeviangalia kwenye maduka ya mjini Mtwara na Lindi, vingi vibovu vinaangukia hapo hapo.

Alama zinazochapishwa zina faida, lakini kwa kiasi. Tafuta mchoro wa mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, unaomaanisha kwamba chombo kimekingwa mara mbili na hakihitaji waya wa ardhini. Herufi za CE na nyinginezo zinaweza kuchapishwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapisha, kwa hiyo kuwepo kwake hakuthibitishi kitu, ila kukosekana kwa alama zote pamoja na jina la mtengenezaji na namba ya modeli ni sababu tosha ya kukirudisha kichwa kaunta. Soma pia herufi moja moja. Neno lililokosewa tahajia kwenye maandishi madogo ni dalili mbaya kuliko rangi iliyofifia.

Hatua ya nne: kagua mwili wa kichwa chenyewe

Soketi zetu ni za matundu matatu ya mstatili, kwa hiyo nunua kichwa chenye pini tatu bapa na usikubali chenye pini mbili za mviringo, hata kikiwa kizuri kiasi gani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya desturi ninayoiona kila ninapolala kwenye nyumba za wageni. Mgeni ana kichwa cha pini mbili za mviringo, soketi inakataa kwa kuwa ina vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na pini ya juu, naye anachukua kalamu ya wino, anaidumbukiza kwenye tundu la juu ili kufungua vifuniko hivyo, kisha anakisukuma kichwa kwa nguvu. Simu inaanza kuchaji na yeye anaridhika. Kumbe pini ya mviringo ndani ya tundu la mstatili inagusa chuma mahali padogo sana, na umeme unapopita mahali padogo joto huzaliwa hapo. Niliwahi kuchomoa kichwa cha namna hiyo katika chumba kimoja mjini Lindi, nikakuta pini zake zimekuwa na rangi ya buluu iliyoungua, na plastiki ya soketi imelainika kama nta. Kama huna budi kutumia adapta, iwe inayoshika imara bila kuchezacheza, nayo iwe ya muda tu.

Kwenye kichwa cha pini tatu, pima umbali kutoka ukingo wa pini hadi ukingo wa kichwa. Kiwango kinachotumika kwa plagi za aina hii kinataka usipungue milimita 9.5, yaani karibu sentimita moja, ili kidole kinachoshika kichwa wakati wa kuchomoa kisiguse chuma chenye umeme. Rula ya mwanafunzi inatosha. Bandia nyingi zina mwili mwembamba unaoishia karibu kabisa na pini, na kipimo hiki hazikipiti. Pini ya juu kuwa ya plastiki si kasoro, kwa sababu kwenye chaja kazi yake ni kufungua vile vifuniko tu. Kasoro ni pini zinazotikisika, zilizopinda, au zinazoingia kwenye soketi kwa kulazimishwa.

Angalia pia mshono wa plastiki. Kichwa kizuri kimeyeyushiwa pamoja, na mshono wake ni mwembamba kama unywele, bila mwanya ambao ukucha unaweza kuingia. Tundu la taipu C liwe katikati ya nafasi yake, wala lisiwe limeinama upande mmoja. Uzito nao huangaliwa, kwani kichwa chepesi kama ganda la yai kina vitu vichache sana ndani, ingawa nakuonya usiutegemee peke yake, kwa kuwa wapo wanaotia kipande cha chuma kisicho na kazi ili kichwa kijisikie kizito mkononi.

Kwa nini kichwa kibovu ni hatari, na kwa nini pwani hatari huongezeka

Ndani ya kichwa cha chaja kuna pande mbili ambazo hazitakiwi kugusana kamwe. Upande mmoja una umeme wa ukutani, ambao ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja hufikia volti zipatazo 325. Upande wa pili una volti 5 au 9 zinazokwenda mkononi mwako. Kati yake kuna transfoma ndogo inayopitisha nguvu bila nyaya za pande hizo kuungana, na kwenye ubao kuna nafasi tupu ambayo katika chaja iliyotengenezwa kwa uangalifu ni milimita kadhaa, na mara nyingi mafundi wa kiwanda huukata ubao kabisa mahali hapo ili umeme usipate njia ya kutambaa.

Kile kichwa cha shilingi 5,000 tulimpelekea fundi simu mmoja, akakifungua kwa bisibisi bapa baada ya kukiacha bila umeme kwa muda. Kilifunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu kilikuwa kimegandishwa kwa tone moja la gundi. Nafasi kati ya pande hizo mbili ilikuwa ndogo kuliko unene wa ukucha wangu, risasi ya kuchomelea ilikuwa na miiba iliyoelekea upande wa pili, na mahali pa vichujio vya kutuliza mawimbi ya umeme palikuwa na matundu matupu. Kukosekana kwa vichujio hivyo ndiko kulikoifanya simu "ijiandikie yenyewe", kwani mawimbi machafu hupita kwenye waya hadi kwenye kioo, na kioo kinayadhania kuwa vidole. Ukiona kioo kinarukaruka wakati wa kuchaji tu na kutulia ukichomoa, usipeleke simu kubadilishwa kioo. Badilisha chaja kwanza.

Nafasi ile ndogo ni mbaya zaidi kwetu tunaoishi kando ya bahari. Hewa ya Mikindani, Kilwa au Lindi mjini ina unyevu na chumvi, na chumvi ikitulia juu ya ubao na kunywa unyevu wa usiku hugeuka kuwa njia ya umeme. Chaja ambayo ingedumu mwaka mzima mahali pakavu inaweza kuvuka mpaka wake huku pwani kwa msimu mmoja wa mvua, na siku hiyo volti za ukutani hufika kwenye tundu la simu ambayo mtu ameishika sikioni. Tafadhali usiifungue chaja mwenyewe kwa udadisi. Kifaa kimoja ndani yake huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya tano: waya

Waya wa kiwandani uliokuja na simu ndio bora, utunze. Ukilazimika kununua mwingine wa taipu C pande zote mbili, tafuta ulioandikwa wati 60 au ampea 3, kiwango kinachotosheleza simu nyingi za kawaida kwa nafasi kubwa. Usinunue mrefu kuliko mita moja bila sababu. Waya mrefu na mwembamba hula volti njiani: ukipoteza nusu volti kati ya volti 5, simu huhisi kwamba chaja imechoka na kupunguza kiasi inachovuta, nawe unalaumu kichwa ambacho hakina kosa.

Vipimo vya dukani ni vitatu na vyote ni vya mkono. Chomeka waya kwenye simu, usikie mlio mdogo wa kushika, kisha iache simu ining'inie kidogo juu ya kiganja chako kwa waya huo. Ukichomoka kwa uzito wa simu peke yake, ncha yake haina ukubwa sahihi na italegeza tundu la simu kwa miezi michache. Pinda shingo ya waya karibu na ncha huku simu ikichaji, na uone kama chaji inakatika. Mwisho, tazama ndani ya ncha kwa tochi. Vijistari vya chuma viwe vinang'aa na vimenyooka vyote.

Nyumbani, hasa ukiwa karibu na bahari, rudia ukaguzi huo wa tochi kila mwezi. Doa la kijani ni kutu ya chumvi, na doa la kahawia au jeusi ni kuungua. Waya wenye mojawapo ya madoa hayo haufai kusafishwa na kurudishwa kazini, kwa sababu doa hilo huhamia kwenye tundu la simu, na kubadilisha tundu ni gharama kubwa kuliko nyaya kadhaa. Simu ikionyesha alama ya tone la maji, chomoa mara moja na uiache ipigwe na upepo kivulini hadi alama iondoke yenyewe. Usiipulizie kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu wake.

Hatua ya sita: jaribio la kwanza nyumbani

Lifanye jaribio hili mchana, ukiwa karibu, siku ile ile uliyonunua, wakati risiti bado iko mfukoni. Chagua muda ambao simu imeshuka hadi asilimia 20 hivi. Weka kichwa na simu juu ya meza au sakafu ya saruji, wala si juu ya godoro, mkeka au karibu na chandarua. Chomeka kichwa ukutani kwanza, kisha simu, na usome kioo. Kwenye Samsung ya mama mdogo, kichwa cha shilingi 5,000 kiliandikiwa "Charging" tu. Kichwa chenye PD bila PPS huandikiwa "Fast charging". Kichwa kipya kiliandikiwa "Super fast charging", kumaanisha kwamba kichwa, waya na simu vimeelewana. Kama kichwa ni sahihi na maneno hayo hayatokei, angalia mipangilio ya betri kabla ya kurudi dukani, kwani chaji ya haraka inaweza kuwa imezimwa humo.

Baada ya nusu saa soma asilimia tena. Kwa betri ya mAh 5000, kichwa cha kweli cha wati 25 kitakuwa kimeongeza asilimia 40 au zaidi, na cha wati 10 kitakuwa kimeongeza karibu 20. Mama mdogo aliandika kwa kalamu nyuma ya boksi: saa 8:10, asilimia 21, saa 8:40, asilimia 64. Usifanye kipimo hiki betri ikiwa juu ya asilimia 80, kwa sababu hapo kila simu hupunguza kasi kwa makusudi ili kuilinda betri, na chaja nzuri itaonekana mbovu.

Wakati huo huo kishike kichwa kwa kiganja kizima. Uvuguvugu ni wa kawaida, na wakati wa joto letu la Desemba unaweza kuwa mkubwa kidogo. Kama huwezi kukishika hadi uhesabu kumi, kizime kwenye swichi ya ukuta na usikitumie tena. Harufu ya plastiki, mlio wa kuchemka au mlio wa nyuki unaosikika ukiwa umesimama mbali ni sababu nyingine za kukirudisha. Kuhusu umeme mkononi, simu zenye mwili wa chuma zinaweza kutoa msisimko hafifu sana, kama wa manyoya, hata kwa chaja nzuri. Lakini mshtuko unaokufanya uondoe mkono, mara moja tu, unatosha kukiondoa kichwa hicho nyumbani.

Umeme ukikatika, chomoa kichwa, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuchomeka tena, kwa kuwa volti hupanda na kushuka wakati laini inaporudi. Chaja nzuri huvumilia mengi, lakini hakuna sababu ya kuipima kila wiki.

Ununue wapi, na useme nini

Nenda kwenye duka lenye mlango na jina, linalotoa risiti ya EFD, na uombe modeli ya kichwa iandikwe kwenye risiti hiyo au kwenye karatasi ya duka. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji kwa heshima: "Kaka, nitakijaribu leo hii, kikipata moto au kisipoandika chaji ya haraka nitakirudisha kesho." Muuzaji anayeijua bidhaa yake hukubali. Yule anayeanza kueleza kwamba bidhaa za umeme hazirudishwi hata siku moja, ameshakujibu swali lako. Ukigundua kwamba umeuziwa bidhaa bandia yenye nembo ya kampuni nyingine, mamlaka inayoshughulikia jambo hilo ni Tume ya Ushindani, na kwa bidhaa isiyokidhi viwango ni TBS. Risiti na kichwa chenyewe ndivyo vitakavyohitajika kama ushahidi, kwa hiyo usikitupe kwa hasira.

Mama mdogo hakurudishiwa shilingi zake 5,000, kwa kuwa hakuwa amepewa risiti. Kile kichwa cha zamani alichokitupa kapuni tulikitoa, tukakifuta, tukakikagua kwa hatua hizi hizi na kukinunulia waya wa ncha pana. Sasa kinatumiwa na mjukuu wake wa Nachingwea. Kile kibovu, kilichokwisha kufunguliwa, fundi alikikata pini zake zote tatu kwa koleo kabla ya kukitia kwenye debe la taka, ili mtoto anayeokota vyuma asije akakibandika gundi upya na kukichomeka ukutani.